Wakaguzi wawili, PR moja, kila mmoja anataka kinyume cha mwenzake. Nifuate nani?

kijana_wa_Ntinda · Jumatano, saa 3:10 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina PR iliyo wazi siku ya tisa leo na nimekwama kabisa.

Tunatengeneza mfumo wa kukusanya karo za shule, hapa Kampala. Wazazi wengi wanalipa kwa simu. Wachache walio nje wanalipa kwa kadi kupitia Stripe, kwenye akaunti ya kampuni dada iliyosajiliwa huko huko nje. Sasa tumepata shule mbili upande wa Busia ya Kenya, na huko wazazi watalipa kwa benki. PR yangu inaongeza shilingi ya Kenya kwenye jedwali la malipo ambalo tangu mwanzo lilikuwa la shilingi ya Uganda peke yake.

Mkaguzi wa kwanza ndiye aliyeandika sehemu ya kadi. Alibonyeza `Request changes` akaandika kwamba kila kiasi kizidishwe kwa 100 kabla ya kuhifadhiwa, sarafu yoyote ile. Mkaguzi wa pili anashughulikia ripoti zinazokwenda kwa wahasibu wa shule. Naye alibonyeza `Request changes`: shilingi ya Uganda haina senti, kwa hiyo 50,000 ihifadhiwe 50,000.

Nilimfuata wa kwanza, akaidhinisha, wa pili akakataa. Nikageuza nimfuate wa pili, akaidhinisha, na hapo hapo idhini ya wa kwanza ikaanguka, kwa sababu `main` yetu imewekwa hivyo: ukisukuma kitu kipya, idhini za zamani zinafutwa. Nimezunguka hivi mara nne na maoni yamefika 41. Wote wawili ni wakubwa wangu kazini. Kila mmoja ananiandikia mimi, hakuna anayemjibu mwenzake. Nikimfuata mmoja naonekana nimemdharau mwingine. Nifanyeje?

fundi_Jinja · saa 3:24 usiku

Pole kaka. Hiyo isikunyime usingizi. Chukua `main` ya sasa uweke kazi yako juu yake, suluhisha faili zinazogongana moja moja, kisha sukuma:

```
git fetch origin
git rebase origin/main
git push --force-with-lease
```

Mimi huwa namaliza kwa dakika kumi.

kijana_wa_Ntinda · saa 3:31 usiku

Asante kaka, ila faili zangu hazigongani, git yenyewe haina neno. Wanaogongana ni watu. Tena nikisukuma sasa, idhini iliyobaki nayo itaanguka.

fundi_Jinja · saa 3:33 usiku

Aa, nilisoma haraka. Samahani. Basi ngoja wenye kujua.

Mbarara_dev · saa 3:50 usiku

Jibu liko kwenye faili ya `CODEOWNERS`. Fungua `.github/CODEOWNERS` uone nani mwenye folda ya malipo. Mwenye folda ndiye mwenye neno la mwisho, yule mwingine ni mshauri tu. Mfuate mwenye folda, sukuma, unganisha. Ukitaka kumridhisha kila mtu utakaa hapo mpaka Krismasi.

kijana_wa_Ntinda · saa 4:02 usiku

Nimeifungua. Mstari wetu wa malipo unataja timu mbili kwa pamoja, ya kadi na ya ripoti:

```
/malipo/   @kampuni/kadi @kampuni/ripoti
```

Kwa hiyo wote ni wenye folda.

Mama_Seva · saa 4:40 usiku

Mwanangu, usisukume kitu kingine usiku huu. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza nimalizane na Mbarara_dev, maana amesema nusu ya kweli na nusu iliyobaki itakuumiza.

Mstari wa `CODEOWNERS` wenye timu mbili haumaanishi kwamba zote mbili lazima zikubali. GitHub inatosheka na idhini ya mmoja wao yeyote. Kwa hiyo faili hiyo haiwezi kukuambia nani ashinde kati yao. Inakuambia tu kwamba wote wana haki ya kuulizwa. Jambo la pili: hata ukiwa na idhini ya mwenye folda, `Request changes` ya yule mwingine haiondoki kwa sababu ya idhini hiyo. Tawi likiwa limelindwa na kudai idhini, kuunganisha kutazuiwa mpaka aliyeweka zuio aidhinishe mwenyewe, au mtu mwenye mamlaka ya admini, au aliye kwenye orodha ya walioruhusiwa, alifute zuio hilo na kuandika sababu.

Tena angalia jinsi mpangilio wenu unavyofanya kazi. Ukisukuma, idhini zinafutwa lakini mazuio yanabaki. Kila unapogeuka unapoteza "ndiyo" uliyokuwa nayo na kubaki na "hapana" zote. Kugeuka hakuwezi kukutoa hapo hata ungegeuka mara ishirini.

Kosa lako ni moja, na wengi hulifanya kwa heshima tu: umekubali kuwa tarishi. Anayekuandikia unamtekelezea, halafu unampelekea mwenzake matokeo. Wao hawajawahi kugombana. Kila mmoja anagombana na msimbo wako, hajui kwamba msimbo huo ni maneno ya mwenzake. Nina hakika mkaguzi wa pili anadhani ile kuzidisha kwa 100 ilikuwa wazo lako.

Sasa nijibu maswali mawili kabla sijakushauri zaidi. Jedwali hilo tayari lina malipo ya kweli ndani? Na malipo ya kadi na ya simu yamehifadhiwa kwa namna moja? Usiniambie unavyodhani. Nenda kaangalie.

nyota_ya_Gulu · saa 5:05 usiku

Kaka, mimi yalinikuta mwaka jana. Mmoja alitaka funsheni yangu ivunjwe vipande vitatu, mwingine alisema vipande vinamchosha macho, iwe moja. Nilihangaika wiki nzima. Mwishoni nilimuuliza kila mmoja: "Hili ni zuio au ni pendekezo?" Wote wakasema pendekezo! Nikaiacha ilivyokuwa, nikaunganisha mchana huo huo. Tangu siku hiyo timu yetu huandika "pendekezo:" mwanzoni mwa maoni yasiyozuia. Labda muulize wako hivyo hivyo.

Mama_Seva · saa 5:12 usiku

Swali zuri dada, na kwa mambo ya ladha ndilo la kwanza kuuliza. Nusu ya mivutano ya wakaguzi huishia hapo. Lakini huyu kijana ana pesa ndani ya mvutano wake. Funsheni ndefu au fupi zote zinatoa jibu lile lile, ila hapa jibu moja litamdai mzazi mara mia. Kwa hiyo tusubiri alichokiona.

kijana_wa_Ntinda · Alhamisi, saa 4:15 asubuhi

Mama, nimeangalia na mikono imenitetemeka.

Jedwali lina malipo ya kweli ya mihula mitatu. Safu ni moja, `amount`, aina yake `bigint`. Malipo ya simu yamehifadhiwa kama yalivyo: 50,000 ni 50000. Malipo ya kadi, mistari 316, yamezidishwa kwa 100: 50,000 ni 5000000. Kinachoyatofautisha ni safu nyingine tu iitwayo `channel`. Ripoti ina mstari mmoja uliojificha unaosema ikiwa ni `card`, gawa kwa 100.

Kwa hiyo kila mkaguzi anasema kweli kuhusu nusu ya jedwali anayoiona kila siku.

Mama_Seva · saa 4:50 asubuhi

Hapo sasa. Huo ndio mvutano wenyewe, na ulikuwepo kabla ya PR yako. Wewe umeufunua tu.

Kuhusu sarafu, wote wawili wana msingi. Katika orodha ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, shilingi ya Uganda ina desimali 0, sawa na faranga ya Rwanda. Shilingi ya Kenya ina 2. Kwa hiyo wa pili hakosei. Lakini Stripe, ili wasivunje mifumo ya zamani, bado wanataka shilingi ya Uganda ipelekwe kana kwamba ina desimali mbili: ukitaka kutoza 500 unawapelekea 50000, na tarakimu mbili za mwisho lazima ziwe 00. Kwa hiyo wa kwanza naye hakosei. Yeye amejifunza sheria ya mlangoni kwa Stripe akadhani ni sheria ya nyumba nzima.

Usiwaandikie hivi lakini. Ukimwambia mkubwa wako "umedhani", umemfungia mlango. Andika maoni mamoja tu kwenye PR, uwataje wote wawili, na ndani yake weka malipo mawili ya mfano, uyapitishe kwenye kila ombi mpaka mwisho: yanavyohifadhiwa, yanavyokwenda Stripe, yanavyotokea kwa mhasibu. Usitumie neno "bora" wala "sahihi" popote. Halafu uliza swali moja na uombe dakika 20 za wote pamoja. Maelezo ya kila ombi yaandike vizuri kiasi kwamba mwenyewe akiyasoma aseme, ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha. Nionyeshe kabla hujatuma.

kijana_wa_Ntinda · saa 6:30 mchana

Nimeandika hivi:

> Ombi A (kadi): kila kiasi × 100 kabla ya kuhifadhi, ili Stripe wapokee namba wanayotarajia na tusihifadhi desimali.
> Ombi B (ripoti): kiasi kihifadhiwe kama kilivyo, ili mhasibu aone alicholipa mzazi.
>
> Mfano wa 1, UGX 50,000 kwa simu. Kwa A jedwali lina 5000000. Ripoti inagawa malipo ya kadi tu, kwa hiyo mhasibu anaona 5,000,000. Kwa B anaona 50,000.
> Mfano wa 2, KES 1,250.50 kwa benki. Kwa A jedwali lina 125050, hakuna kinachopotea kwenye kuhifadhi. Kwa B safu ya `bigint` haibebi desimali, kwa hiyo inakuwa 1251.
>
> Leo jedwali lina mistari 316 ya kadi iliyozidishwa, na ya simu haikuzidishwa. Swali: namba iliyo ndani ya safu hii inapaswa kumaanisha nini kwa sarafu zote mbili? Naomba dakika 20 leo saa 10, sote watatu. Sitasukuma kitu mpaka hapo.

Mama_Seva · saa 6:41 mchana

Tuma hivyo hivyo. Ule mstari wa mwisho kuhusu kutosukuma usiuondoe.

Mbarara_dev · saa 6:55 mchana

Nakubali kuhusu `CODEOWNERS`, sikujua kwamba mmoja anatosha. Lakini bado nauliza: wakikutana wasipokubaliana? Lazima mtu mmoja aamue.

Mama_Seva · saa 7:10 mchana

Kweli, na mtu huyo ajulikane kabla ya kikao kuanza. Mwongozo wa ukaguzi ambao Google wameuweka wazi kwa umma unasema jambo hilo pia: PR isiachwe ikae kwa sababu mwandishi na mkaguzi hawakubaliani, ipelekwe kwa timu pana au kiongozi. Kijana amwambie kiongozi wa timu sasa hivi: "Saa 10 tuna kikao, kisipozaa jibu nitakuomba uamue leo leo." Ukimwendea baada ya kushindwa, itaonekana unashitaki watu. Ukimwambia mapema, ni taarifa tu.

kijana_wa_Ntinda · saa 2:20 usiku

Nimerudi. Niwaeleze ilivyokwenda.

Dakika tano za kwanza zilikuwa ngumu. Wa kwanza alirudia kwamba Stripe watakataa, wa pili alirudia kwamba wahasibu watapiga simu. Kisha wa pili akafungua kioo chake, akatafuta mstari mmoja wa kadi: 5000000, shule ya bweni ya upande wa Mukono. Akauliza, "Huyu alilipa elfu hamsini au milioni tano?" Tukanyamaza. Karo ya milioni tano kwa muhula ipo kwenye shule kama hizo, kwa hiyo kwa macho huwezi kujua. Wa kwanza akasema taratibu, "Ndiyo maana nilitaka zote zizidishwe. Nilikuwa nataka safu iwe na maana moja." Wa pili akamjibu, "Na mimi nilitaka maana moja."

Tulikubaliana kwamba safu ya zamani isiguswe. Tunaongeza safu mpya, `amount_minor`, inayobeba kipimo kidogo kabisa cha sarafu yenyewe kwa mujibu wa ISO: UGX 50,000 ni 50000, KES 1,250.50 ni 125050. Kuzidisha shilingi ya Uganda kwa 100 kunabaki mahali pamoja tu, kwenye faili inayozungumza na Stripe. Na kila mmoja alitaja testi itakayomlinda na kile anachokihofia:

```python
assert hifadhi("50000", "UGX") == 50000
assert hifadhi("1250.50", "KES") == 125050
assert kwa_stripe(50000, "UGX") == 5000000
assert ripoti(50000, "UGX") == "50,000"
```

Ya tatu ni ya mkaguzi wa kwanza, ya nne ni ya wa pili. Niliandika uamuzi kwenye maelezo ya juu ya PR, si kwenye maoni ya chini ambako yangezama kati ya yale 41. Nikasukuma mara moja, nikawaomba wote wakague upya. Wa pili ameidhinisha saa 12.

Wa kwanza bado. Ameandika: "Ningependa safu moja tu, mbili zitatuchanganya. Lakini testi yangu ipo, sitazuia." Ila hajabonyeza kitu, kwa hiyo zuio lake la zamani bado linaonekana jekundu.

mzee_wa_Mbale · saa 2:45 usiku

Kijana umefanya vema. Kuhusu hilo zuio, ushauri wangu ni tofauti na wa wengi. Usimbembeleze abonyeze `Approve`. Idhini ni sahihi ya mtu, na kesho kukitokea tatizo jina lake litakuwa pale. Mwombe kiongozi afute zuio kwa `Dismiss review`, na kwenye sababu anukuu maneno yake mwenyewe: "sitazuia". Hivyo historia inasema kweli: hakuunga mkono, hakuzuia.

Mama_Seva · saa 3:00 usiku

Mzee, shikamoo. Hapo naomba tutofautiane. Mtu akirudi kesho akakuta zuio lake limefutwa na mkono wa mwingine, hata kwa sababu nzuri, anaona amenyamazishwa. Mimi ningempigia simu, nimwombe aidhinishe na aandike pingamizi lake hapo hapo chini ya idhini. Idhini haimaanishi "hivi ndivyo ningefanya". Inamaanisha hakuna kitakachovunjika na niko tayari kukitunza.

mzee_wa_Mbale · saa 3:08 usiku

Marahaba. Katika timu yangu maana yake siyo hiyo. Labda kijana aulize kwao idhini inamaanisha nini kabla ya kuchagua.

nyota_ya_Gulu · saa 3:20 usiku

Na ile mistari 316 ya zamani? Itahamishwa ndani ya PR hii hii?

kijana_wa_Ntinda · saa 3:36 usiku

Hapana dada, hiyo ni PR nyingine, ndogo, ya kugawa kwa 100 mistari ya kadi tu na kujaza safu mpya. Mkaguzi wa kwanza alisema mwenyewe kwamba ikichanganywa na hii hataweza kuisoma vizuri. Mpaka ifanyike, ripoti inasoma safu mpya, na ikiwa tupu inarudi kwenye ile ya zamani na mgawanyo wake. Bado hatujakubaliana nani aifanye, timu ya kadi au ya ripoti.

Kuhusu zuio, nimempigia mkaguzi wa kwanza sasa hivi, nikamuuliza mwenyewe anapenda lipi kati ya njia ya mzee na ya mama. Amesema ataidhinisha kesho asubuhi akishaendesha testi kwenye mashine yake, na kwamba ataandika pingamizi la safu mbili ili yule atakayezifuta siku moja alikute. Pia ameniuliza kwa nini sikumwambia mapema kwamba ile namba aliyokuwa akiikataa ilitoka kwa mwenzake.